Kaske ya Mujukuu Wangu na Limite Yenye Kufungwa na Kode

Nikiwa kijana, mara moja nilinunua samaki ya moshi kule Kyavinyonge, kubwa kama mukono yangu mpaka kwenye kisigino cha mukono, nikapanda nayo juu ya lori ya kurudi Butembo. Niliitia ndani ya gazeti, nikaiweka pembeni yangu juu ya magunia. Mama mumoja munene, mufanya biashara ya samaki yeye mwenyewe, akakuja akakaa juu yake. Nilimuambia mara ya kwanza kwa heshima. «Mama, umekaa juu ya samaki yangu.» Akanijibu: «Kijana, miye nimekaa juu ya samaki tangu nizaliwe.» Na akabaki pale pale. Lori ilipanda milima yote, na kila shimo ya barabara ilikuwa inafanya ile samaki inakuwa nyembamba zaidi.

Basi miye nilianza kulalamika. Na miye nikilalamika, sauti yangu ya wakati ile ilikuwa inavuka bonde. Mwenye lori, mbele kule kwenye volani, alinisikia juu ya injini yote. Tulipofika Butembo akashuka, akaniita. Nilifikiri atanipiga. Kumbe alikuwa na moulin ya kusaga muhogo na mahindi, na alikuwa anatafuta mutu wa kuita bateja wakati machine inazunguka. «Sauti kama ile,» alisema, «hapana kuipoteza juu ya samaki.» Samaki yenyewe tuliikula siku ile kwa mikate, ilikuwa imekuwa kama karatasi lakini utamu ulikuwa wote ndani.

Nilikaa kwenye ile moulin miaka mingi kuliko miaka niliyokaa shuleni, na hapo sisemi kitu kikubwa, sababu shule nilikaa mitatu, na wa tatu nilikuwa zaidi kwenye shamba ya mwalimu. Machine ilikuwa ya mafuta, imefungwa kwenye nyumba ya mabati. Ukiingia pale, meno inacheza ndani ya kinywa. Hakuna mutu alituambia tufunge masikio. Siku ikiisha nilikuwa natoka na kengele ndogo ndani ya kichwa, inalia mpaka ninakula, inalia mpaka ninaomba, na asubuhi imenyamaza. Nilifikiri ni njaa. Kisha siku moja ilikataa kunyamaza. Nikaizoea. Na polepole batu bote ba Butembo bakaanza kuongea kama bameweka muhogo ndani ya kinywa, miye nikabakasirikia, kumbe ubaya ulikuwa kwangu.

Ninaandika hii yote juu ya kuelezea kwa nini, siku mujukuu wangu aliposema «Babu, kuna kengele kidogo ndani ya sikio yangu», sahani ya ugali ilinianguka.

Mujukuu ule ni binti wa binti yangu. Tunakaa nyumba moja, sisi batatu, na chumba ya nje inakaa mupangaji. Alikuwa na miaka kumi, na alikuwa anaimba sauti ya pili kwenye korali ya batoto ya kanisa yetu. Sauti ya pili ni kazi nguvu. Sauti ya kwanza hata mbuzi inaweza kuifuata, lakini ya pili inapita chini kama mutu anayejificha, na ukipoteza njia unarudi kwenye ya kwanza bila kujua. Kulikuwa na sikukuu ya makanisa inakuja kule Beni, na mwalimu wa korali alikuwa anatuma sauti ya pili kwenye telefone yangu, juu miye njo niko na telefone kubwa nyumbani. Mutoto wangu mumoja aliyeko mbali alinitumia. Ninaitumia kuangalia saa.

Na kaske, kile kitu cha kuvaa kwenye masikio kusikiliza muziki, ni miye niliinunua. Nakiri. Nilikuwa nimeenda Beni kwa mazishi, nikapita sokoni, nikaona kaske ya bila kamba, nyekundu, na juu yake masikio mawili ya paka. Kwenye karto, ile boksi yake, kulikuwa na picha ya mutoto muzungu anacheka, na namba imeandikwa kubwa: 85 dB.

«Hii ni nini?» niliuliza muuzaji.

«Hiyo ni sécurité, Mukulu. Inajifunga yenyewe. Sauti ikifika pale inakataa.»

«Unaapa?»

«Mukulu, hata mamangu anaivaa.»

Sikuuliza mamake anafanya nayo nini. Nikainunua juu ya masikio ya paka.

Mujukuu aliipenda mpaka ilikuwa muzigo. Akitoka masomoni, kaske. Akichambua maharagi, kaske. Mamake akimuita kutoka jikoni, «We binti! Sombe inaungua!», yeye anaendelea kuimba sauti ya pili, macho imefungwa, na sombe inaungua kabisa. Miye pia sikusikia kuitwa, lakini miye niko na sababu. Kisha ikakuja ile siku ya kengele na sahani.

Mamake alichukua kaske akaishika juu ya mbabula, jiko yetu ya makala. Moto ulikuwa pale, mwekundu kama kaske yenyewe.

«Mama, hapana!» mutoto akalia. «Sikukuu imebakia wiki tatu!»

«Utaenda kuimba nini kama hausikii?»

«Ngoja,» miye nikasema. «Hata ikiungua, masikio ya mutoto itabakia na kengele. Twende kwanza kwa infirmière.»

Naona nilisema vizuri, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa masikio ya paka itaungua.

Kwenye centre de santé kuna infirmière mumoja, muuguzi aliyesomea mambo ya masikio zaidi ya benzake. Mwanamuke mufupi, haraka, haogopi mutu. Aliangalia ndani ya masikio ya mutoto kwa taa. Hakuna uchafu, hakuna kitu kimepasuka. Akauliza: «Kengele inalia wakati gani?» Mutoto: «Nikitoa kaske. Kisha inaisha.» Akauliza: «Unaivaa saa ngapi kwa siku?» Mutoto akaangalia chini. Mamake akajibu: «Uliza saa ngapi haivai.»

Basi infirmière akatuelezea, na alielezea polepole juu ya miye, na bado nilimuomba arudilie. Alisema ni mambo mbili zinazopimwa pamoja: nguvu ya sauti, na muda. Sauti ikiwa ndogo unaweza kukaa nayo muda murefu. Ikipanda, muda unapunguka mbio. Ikiongezeka décibel tatu tu, muda unakatika nusu. Kwa mutoto, alisema, mujaribu kukaa kwenye makumi saba na tano, na hata pale isipite masaa makumi ine kwa wiki muzima. Kengele njo sikio inasema imechoka. Leo inanyamaza, siku moja inakataa. Pale niliangalia dirisha.

«Mais kaske inajifunga,» nilisema. «Kuna namba kwenye karto.»

«Baba, karto ni karto. Hata miye naweza kuandika namba kwenye karto. Na hata ikiwa ya kweli, makumi munane na tano ni nyingi kwa mutoto wa kuvaa siku muzima. Mufunge kwenye telefone yenyewe. Ndani ya paramètres, pale pa kupangia telefone, kuna limite ya volume, na unaweka kode juu mutoto asiifungue.»

Akatupa maagizo: siku ine bila kaske kabisa. Kisha mara moja kwa siku, dakika makumi tatu, na mapumziko katikati. Hapana kulala nayo. Na pa kuweka limite, akatupa kipimo cha maskini: mutoto avae kaske, wimbo unaimba, mutu asimame urefu wa mukono, aongee sauti ya kawaida. Kama mutoto hasikii, imepita. Mupunguze mpaka asikie. Kisha murudi kwangu mbele ya sikukuu, akasema. Kengele ikiwa ingalipo, kaske inaisha, na korali tutaona.

Mamake akasema kwa binti: «Umesikia? Kengele ikirudi, mbabula.»

Siku ya tano tulifanya kipimo. Miye njo nilijitoa. Mutoto akakaa kwenye kiti, masikio ya paka juu, wimbo unaimba. Nikanyoosha mukono, nikapima, nikasimama.

«MUJUKUU, MANDAZI IKO KWENYE MEZA!»

«Ndiyo Babu,» akajibu. «Nimesikia.»

Nikapandisha volume.

«MUJUKUU, KUKU IMEINGIA KWENYE KABATI!»

«Nimesikia, Babu.»

Nikapandisha tena, nikafurahi sana. Nikamuita mamake nimuambie kaske haina matatizo, inaweza kupanda mpaka juu kabisa. Yeye alikuwa amesimama mulangoni na kifagio, anacheka mpaka machozi.

«Baba,» akasema, «jirani ng'ambo ya barabara ametuma mutu kuuliza kama kweli kuku imeingia kwenye kabati.»

Donc sauti yangu haikuwa ya kawaida. Nilikuwa sijui. Miaka yote ile batu balikuwa bananiitikia mbio, nilifikiri ni heshima.

Tukakosa sauti ya kipimo. Mamake naye hakufaa, sababu ananiongelesha miye siku muzima na sauti yake imeharibika. Njo tukafikiria mupangaji. Ule alikuwa agent wa serikali, walimutuma kutoka Kasai kuja kufanya kazi kwenye bureau moja hapa muji. Mwanaume mwenye kuvaa vizuri, viatu inang'aa hata matope ikiwa mingi, na sauti yake ni ndogo kabisa, ya mutu anayeomba ruhusa. Miaka mbili amekaa kwangu, sijasikia neno lake hata moja. Kila kitu ananiuliza miye ninasema ndiyo. Njo vile alipata chumba ya nje na jiko pia.

«Papa,» binti yangu akamuambia, «tunaomba utukopeshe sauti yako.»

Alinyoosha tai. Akasimama urefu wa mukono. Akasema kitu, niliona midomo inatembea.

Mutoto hakusikia. Tukapunguza volume. Akasema tena. Hapana. Tukapunguza. Mara ya ine mutoto akageuka na akasema: «Papa anauliza kama tutamurudishia sahani yake ya bleu.»

«Sahani gani?» nikauliza.

«Amekuomba tangu mwaka jana, Baba,» binti yangu akasema. «Ulimujibu ndiyo.»

Sahani tukaipata chini ya kuku. Na volume tukajua pa kuifunga: kidogo juu ya katikati.

Sasa kufunga. Binti yangu alinionyesha: paramètres, halafu sons, ni kusema sauti, halafu volume, halafu vinukta vitatu vya juu, halafu limite. Unavuta mustari mpaka pale unapotaka. Tukajaribu kubonyeza kifungo cha kuongeza cha kaske yenyewe, juu infirmière alisema kaske zingine ziko na volume yao ya pembeni, haitii telefone. Ya kwetu ilitii: tulibonyeza, mustari wa telefone ulipanda, ukafika kwenye limite, ukakataa. Binti yangu mwingine, kule Mangina, eko na telefone ya aina ingine. Kule namba ya décibel inaandikwa yenyewe, unavuta mpaka makumi saba na tano, kisha unafungia kwenye pahali pa temps d'écran, pa kupimia muda wa mutoto kwenye telefone. Kila telefone na njia yake. Ya zamani zingine hazina kode hata kidogo.

Ya kwangu ilikuwa nayo. Ikaomba namba ine. Binti yangu alikuwa ameenda kutoa maji kwenye moto, akaniambia nijaze mwenyewe, niweke namba ya siri. Miye nikitafuta kitu kwenye telefone ninaisoma. Niko vile. Sijui kubonyeza bila kusema. Basi nikakaa mulangoni pa mwangaza, nikabonyeza.

«MBILI! SABA! SABA TENA! INE!»

Ikaomba nihakikishe.

«MBILI! SABA! SABA! INE!»

Nikaingia ndani na furaha. «Siri imefungwa,» nikasema. Binti yangu alikuwa ameweka mikono juu ya kichwa.

Asubuhi ingine, mwanamuke wa kuuza nyanya kwenye kona alinisalimia: «Habari, Mbili Saba Saba Ine.» Chukudu, zile baiskeli za mbao za kubeba muzigo, zilikuwa zinapita na vijana banaimba ile namba kama wimbo wa mpira. Na mujukuu wangu, kisha siku mbili, alikaa kwenye kiti na kaske yake, mupangaji akapita akamusalimia na ile sauti yake, na mutoto hakugeuka. Mupangaji ni mutu wa heshima. Alienda akaandika karatasi akampa binti yangu. Ilikuwa na tarehe na signature: Salutation restée sans réponse, distance un bras. Maana yake: salamu imebaki bila jibu, urefu wa mukono moja.

Binti yangu aliangalia telefone. Limite ilikuwa imetolewa.

«Nani alikupa kode?» akamuuliza mutoto.

«Mama,» mutoto akasema, na machozi, «hata mbuzi inaijua.»

Hapo siwezi kumulaumu. Lakini kisha akasema kitu cha pili, na sauti ndogo, na mamake akanirudilia juu sikusikia: kwamba jana kengele ilirudi kidogo. Mutoto alikuwa na woga wa mbabula, hakusema. Akatoa kaske yeye mwenyewe juu ya kichwa, akaiweka kwenye meza mbele ya mamake. «Sitaki nikuwe kama Babu,» akasema.

Nilikubali. Hata miye sikutaka akuwe kama Babu.

Mbabula haikupata kaske, sababu binti yangu alisema mwenye kosa ni mwenye kupiga kelele ya kode. Siku tano za kupumzika tena. Mutoto alijifunza sauti ya pili bila kaske, telefone imewekwa kwenye meza, sauti ndogo. Na kode mupya binti yangu aliiweka yeye, amegeukia ukuta, shuka juu ya kichwa. Mpaka leo siijui. Ni telefone yangu.

Sasa mambo ya Beni. Sikukuu ilikuwa mchana, kanisa imejaa, batoto bamevaa meupe. Piano ya nyimbo yao ilikuwa ndani ya telefone yangu, na ilipaswa kutokea kwenye bafle moja, spika kubwa kama mulango, ile ya bila kamba. Kifungo cha volume cha bafle kilikuwa kimevunjika. Wanaiongoza na telefone. Mwalimu wa korali akaunganisha. Akabonyeza. Piano ikatoka kama panya ndani ya kabati.

Akapandisha. Ikakataa. Akaangalia bafle nyuma, akaipiga kofi. Mchungaji akajongea, shemasi mbili bakajongea, mwenye kujua electricité akajongea na bisibisi. Kumbe telefone haijui kama mbele yake ni masikio ya paka ao ni bafle ya kanisa. Kitu cha bila kamba ni kitu cha bila kamba. Limite ni limite.

Miye njo nilielewa wa kwanza, na nikasimama kwenye banki yangu kusaidia.

«NI KODE! MAMAKE EKO NA KODE!»

Sijui kama niliwahi kuona batu elfu banageuka pamoja. Binti yangu alikuwa nyuma kabisa, karibu na mulango. Akatembea kanisa muzima, polepole, uso chini. Akachukua telefone, akaifunika na kitambaa chake cha kichwa, akabonyeza. Mwalimu wa korali alijaribu kuchungulia, na akamugeuzia mugongo. Piano ikatoka nguvu mpaka madirisha ikatetemeka. Akabaki amesimama pale pembeni ya bafle wimbo muzima kama askari, na mbele ya kuanza kuimba mujukuu alimuambia mamake asogeze batoto ba mustari wa mbele mbali na bafle, na bakasogezwa. Baliimba. Sauti ya pili ilipita chini, haikupotea; niliiona kwenye uso wa mwalimu. Amina ikiisha tu, kitambaa kikarudi juu ya telefone, limite ikafungwa.

Ninaruka nyuma kidogo, sababu nilisahau kusema: mbele ya sikukuu infirmière alikuwa ameenda semina, hakuwa pale. Donc tulimuona kisha, wiki iliyofuata. Njo siku tulikuwa tunaiogopa.

Alisimama nyuma ya mutoto, urefu wa mukono, akamufunika sikio moja na kidole, akasema namba kwa kunong'ona. Mutoto akarudilia. Sikio ya pili, namba zingine. Akarudilia zote. Mupangaji alikuwa amekuja pamoja nasi, alisema anapita njia ile ile kwenda bureau, lakini bureau iko upande mwingine. Alikuwa anahesabu na vidole vyake.

«Kengele?» infirmière akauliza.

«Hapana. Tangu siku ile ya mezani, hapana.»

«Limite?»

«Mama njo anajua.»

«Vizuri. Kaske yako ubaki nayo. Dakika zako zile zile, na kengele ikirudi unasema siku ile ile, hapana kuficha.»

Mutoto aliruka, akamukumbatia mamake. Mupangaji akasema kitu, bote bakacheka, miye pia nikacheka ili nisibaki nyuma.

Kisha infirmière akakigeuza kile kiti cha mutoto, akakipiga vumbi na mukono, akaniangalia. Hii nilisikia yote, aliongea mbele ya uso wangu.

«Na sasa weye, Mukulu. Kaa hapa. Ni dakika mbili tu.»

Niliangalia kiti. Binti yangu aliniangalia. Mujukuu alisema: «Babu, haiumi.»

Niliwaambia ninaenda inje kutazama kama mvua inakuja. Jua lilikuwa linawaka. Nikachukua kofia yangu, nikapita kati ya bamama ba kuleta batoto kwenye chanjo, nikashuka njia ya chini, na kwenye ile centre de santé sijarudi tena.